Karatasi mbili za mama: BNP 310 ya Tabora na NT-proBNP 1,460 ya Kigoma

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 78, akitembea kidogo anahema, usiku analalia mito mitatu na miguu inavimba. Mwezi uliopita alikuwa kwa kaka Tabora wakampima wakaandika BNP 310. Karudi kwetu Ujiji, juzi tumempima tena imetoka NT-proBNP 1,460, pembeni kuna H na wameandika kawaida ni chini ya 125. Kriatinini 1.2. Kaka anasema moyo umeharibika mara tano ndani ya mwezi mmoja, shangazi anasema hiyo B ni ya ubongo kwa hiyo tatizo liko kichwani. Tuwe tunapima kila wiki au tufanyeje?*

Marahaba mwanangu. Nianze na kaka yako maana hofu yake ndio inaweza kuwafanya muamue vibaya: moyo wa mama haujaharibika mara tano. Hizo karatasi mbili zimepima vitu viwili tofauti, majina yanafanana tu. Ile 310 na hii 1,460 huwezi kuziweka kwenye mstari mmoja ukasema imepanda, ni sawa na mtu apime mchele kwa kilo Tabora halafu apime kwa debe Kigoma kisha aseme mchele umepungua.

Ngoja nikueleze inavyokuwa ndani. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, na hivi vya chini ndio vyenye kazi nzito ya kusukuma damu. Damu ikijaa humo kuliko kawaida, au presha ya ndani ikipanda, ukuta wa chumba unavutika, na nyama ya moyo ikishavutika inatengeneza protini moja ndefu inaitwa proBNP. Hiyo protini ikitoka inakatwa vipande viwili. Kipande kimoja ndio BNP, chenyewe kina kazi, kinaenda kwenye figo kuzihimiza zitoe chumvi na maji, kinalegeza na mishipa ya damu ili moyo upate nafuu kidogo. Kipande cha pili ni NT-proBNP, hiki hakina kazi yoyote tunayoijua, kinazunguka tu kwenye damu mpaka kitolewe. Chukulia umekata muwa pingili mbili, moja inatafunwa hapohapo inaisha, nyingine inabaki kwenye sinia. BNP nusu yake inaondoka kwenye damu ndani ya dakika 20 hivi, NT-proBNP inachukua saa moja mpaka mbili, ndio maana ukimpima mtu yuleyule siku ileile kwa vipimo vyote viwili NT-proBNP inatoka kubwa zaidi, mara nyingi mara nne, mara sita, hata zaidi kwa mzee ambaye figo zimechoka kidogo. Sasa chukua 310 ya Tabora halafu 1,460 ya Kigoma, moja ni karibu mara tano ya nyingine. Kwa macho yangu hizo karatasi zinasema kitu kilekile kwa lugha mbili: ukuta wa moyo umevutika, na hakuna ushahidi hapo kwamba hali imekuwa mbaya zaidi kati ya mwezi ule na huu. Wala usitafute namna ya kugeuza moja iwe nyingine kwa kuzidisha, hakuna hesabu ya kuaminika ya hivyo.

Na shangazi nae mwambie hivi, jina limetokana na historia tu. Mwaka 1988 wanasayansi wa Japani waliipata hii kitu kwa mara ya kwanza kwenye ubongo wa nguruwe, wakaipa jina la ubongo, baadaye ikaonekana kwa binadamu inatoka kwa wingi kwenye vyumba vya chini vya moyo, lakini jina lilishaenea. Mama hana tatizo la kichwa kwa karatasi hii.

Sasa hiyo H, yaani namba iko juu, na ile 125, hapa ndio watu wengi wanalia bure. Namba 125 ni mstari wa kumuondoa mtu, sio wa kumhukumu. Imewekwa kwa mtu anayekuja kliniki kwa miguu yake na dalili za taratibu, daktari anataka kujua kama moyo unaweza kuachwa pembeni, ikiwa chini ya 125 anauacha anatafuta sababu nyingine. Lakini mzee wa miaka 78 hata moyo wake ukiwa unasukuma vizuri tu ni kawaida kumkuta juu ya 125, kwa sababu umri wenyewe unapandisha. Mashine haijui mama ana miaka mingapi, inaweka H kwa kila anayepita 125.

Kwa mtu anayehema kwa kiwango kinachotisha tunatumia mistari mingine. NT-proBNP ikiwa chini ya 300, kwa umri wowote, tatizo la moyo kushindwa kazi kwa ghafla haliwezekani kirahisi, kwenye tafiti jibu la namna hiyo lilikuwa sahihi kwa watu 98 hivi kati ya 100. Hilo ndilo eneo ambalo kipimo hiki kina nguvu kuliko yote, kukataa. Upande wa kukubali mstari unapanda kulingana na umri: chini ya miaka 50 tunaanza kusema ndiyo kuanzia 450, kati ya 50 na 75 ni 900, na akishapita 75 ni 1,800. Mama ana 1,460 na miaka 78, kwa hiyo yupo katikati, ameshapita 300 hajafika 1,800. Angekuwa na miaka 60 na namba ileile ningesema moyo bila kusita sana. Na ile ya Tabora nayo ukiiangalia kwa mistari yake, BNP chini ya 100 unakataa, ikipita 400 unaelekea kukubali, 310 ipo katikati vilevile. Karatasi zote mbili zimemweka mama kwenye ukungu, na kwenye ukungu namba haiamui peke yake, anaamua mtu aliyemgusa mgonjwa.

Hapo kuna kitu kidogo kuhusu ile sampuli ya Tabora. BNP inaharibika haraka kwenye damu ikikaa nje kwenye joto, saa chache tu inaanza kushuka, wakati NT-proBNP inavumilia hata siku nzima. Kwa hiyo kama damu ya Tabora ilitolewa asubuhi ikasubiri mashine mpaka jioni, 310 inaweza kuwa pungufu ya ukweli. Sisemi ilikuwa hivyo, nasema tu ndio maana mimi nikiwa mahali ambapo sampuli inasafiri, mfano kutoka Kasulu kuja mjini, napendelea NT-proBNP.

Turudi kwa mama. Kuna mambo matatu yanayoisogeza hiyo 1,460 kabla hujalaumu moyo kushindwa kazi. La kwanza figo. Umeandika kriatinini 1.2, najua ukiiona unadhani ni nzuri, na maabara nyingi hawaweki hata alama. Lakini kriatinini ni taka inayotokana na nyama za mwili na figo ndizo zinaichuja, mama wa miaka 78 nyama zimepungua, ukipiga hesabu kwa umri wake na kwamba ni mwanamke inatoka kwamba figo zinachuja kama mililita 46 hivi kwa dakika, wakati kijana mzima anakuwa 90 na kuendelea. Figo za namna hiyo zinachelewa kuondoa NT-proBNP, kwa hiyo sehemu ya ile 1,460 ni mabaki ambayo hayajatolewa. La pili mpigo wa moyo. Hujaniambia kama mapigo yanaenda sawa. Wazee wengi wana tatizo la moyo kupiga bila mpangilio, kwenye karatasi huandikwa AF, na AF peke yake inapandisha namba hata kama moyo bado unasukuma. Mshike mkononi chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima, sikiliza kama inakuja kwa mwendo mmoja au inaruka mara haraka mara imechelewa bila utaratibu wowote. Ikiwa ya pili, kipimo cha umeme wa moyo ni cha kufanya wiki hii, maana AF ina hatari yake nyingine ya kuganda damu na kiharusi na ina dawa zake. La tatu ni mapafu. Mama amepika kwa kuni miaka mingapi? Mapafu yaliyochoka kwa moshi, au yaliyobaki na makovu ya TB ya zamani, yanaufanya upande wa kulia wa moyo usukume kwa shida, nao unavutika, namba inapanda lakini kwa kawaida haifiki maelfu mengi. Elfu moja na kitu inaweza kabisa kutoka huko.

Kuna kinachoshusha pia, unene. Mtu mnene namba zake zinakuwa chini kuliko inavyotakiwa. Niliwahi kumpokea mama mmoja mwili mkubwa, aliambiwa kwenye hospitali moja kwamba BNP yake ni 80 kwa hiyo moyo hauna shida, akarudishwa nyumbani na dawa ya pumu. Alipofika kwangu alikuwa hawezi kulala chali hata dakika mbili, mapafu yamejaa maji. Ile 80 kwake ilitakiwa isomwe kama namba kubwa. Mama yako ukiniambia ni mwembamba basi hili halimhusu, namba yake haijafichwa na mafuta.

Sasa kwa nini pamoja na ukungu wote huo mimi naegemea kwenye moyo? Kwa sababu ya ile mito mitatu, na miguu. Mtu wa mapafu anahema akitembea, na usiku pia anaweza kukohoa, lakini mtu ambaye akilala bapa anakosa pumzi na akikaa anapata ndani ya dakika moja mbili, huyo maji yanarudi kwenye mapafu kutoka miguuni akishalala. Muulize mama kitu kimoja zaidi: huwa anaamka saa nane au saa tisa usiku akiwa anatafuta hewa, anakaa ukingoni mwa kitanda au anakimbilia dirishani? Akisema ndiyo, kwangu hilo lina uzito kuliko tofauti ya 1,460 na 1,800. Halafu mbonyeze mbele ya mguu, pale kwenye ugoko juu kidogo ya kifundo, kidole gumba, ukandamize hesabu mpaka kumi uachie. Kishimo kikibaki na kipo miguu yote miwili, ni maji. Ukivimba mguu mmoja tu tena unauma, hiyo ni habari nyingine kabisa, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa na ikipanda kwenye mapafu nayo inaleta kuhema na inapandisha hiyohiyo NT-proBNP, hapo mpelekeni siku hiyohiyo. Kitu cha mwisho ni shingo. Mwegemeze kwenye mito nusu kukaa nusu kulala, ageuze kichwa kidogo kushoto, mwanga utokee ubavuni, angalia mshipa wa shingo upande wa kulia. Ukiona umejaa na unachezacheza juu mpaka karibu na taya, mwambie daktari wa hapo, ni moja ya dalili za ukweli zaidi na haina gharama.

Lakini hata tukishakubaliana ni moyo, mwanangu, namba haisemi moyo una nini. Inasema umevutika, basi. Unaweza kuwa umevutika kwa sababu misuli imechoka haisukumi, au misuli inasukuma vizuri ila imekakamaa kwa miaka ya presha ya juu haifunguki kupokea damu, na kwa akina mama wa umri wa mama yako hii ya pili ni ya kawaida sana na namba zake mara nyingi ni za katikati hivihivi. Au valvu inavuja. Dawa hazifanani. Mgonjwa ambaye moyo hausukumi kuna dawa kadhaa za kumrefushia maisha ambazo lazima aanzishiwe kwa uangalifu, mwenye moyo uliokakamaa kazi kubwa ni presha, maji na mpigo. Kinachotenganisha ni eko ya moyo, ile picha ya kupaka mafuta kifuani na kuangalia moyo ukicheza kwenye skrini.

Kwa hiyo swali lako la kupima kila wiki, jibu langu ni hapana. Hiyo pesa ya kurudia mara tatu iwekeni kwenye eko moja. Anzeni kuuliza hospitali ya Maweni kama wana siku ya eko na nani anaisoma, isipowezekana hapo hospitali ya Bugando Mwanza wanafanya, na ukienda nenda na karatasi zote mbili. Kabla ya safari yoyote fanyeni kipimo cha umeme wa moyo, eksirei ya kifua, wingi wa damu na kriatinini pamoja na potasiamu, haya yanapatikana Kigoma hapohapo. Wingi wa damu usiuache, damu ikipungua sana kwa mzee inaweza kuleta karibu kila ulichoandika na namba inapanda pia.

Kurudia NT-proBNP kuna maana kwa wakati wake. Akishaanza dawa akatulia, baada ya wiki kadhaa unaweza kupima mara moja ili mjue hali yake akiwa mzuri ni namba gani, hiyo ndio inakuwa namba yake yeye, ya kulinganishia siku akizidiwa. Na mkirudia iwe kipimo kilekile NT-proBNP, ikiwezekana maabara ileile. Ikitoka 1,300 msishangilie, ikitoka 1,650 msilie, hii kitu inapanda na kushuka yenyewe siku hadi siku. Mimi naanza kuamini kuna mabadiliko ikisogea kama asilimia 30, yaani kwa mama ishuke mpaka 1,000 hivi au ipande ikaribie 1,900.

Badala ya kupima damu kila wiki mpime uzito kila siku. Asubuhi akishatoka chooni kabla ya chai, nguo nyepesi zilezile, mizani ileile, uandike kwenye daftari. Ikiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu hayo sio mafuta, ni maji, na hiyo inakuambia mapema kuliko maabara yoyote.

Hujaniandikia dawa anazotumia na hapo nina wasiwasi. Kama Tabora walimpa furosemaidi, ile dawa ya kukojoza, ikaisha njiani mkakaa bila kuendelea, basi kuvimba kwa sasa kunaweza kuwa kumetokana na hapo, rudini kwa daktari amuandikie kiwango tena akiwa ameona kriatinini, msijipimie wenyewe. Na magoti yake vipi? Nauliza kwa sababu wazee wengi wanaohema na kuvimba nikichungulia kwenye mfuko wa dawa nakuta diklofenaki au ibuprofeni, kazinunua duka la dawa kwa ajili ya magoti, anameza mara mbili kwa siku miezi. Dawa hizo zinazuia figo kutoa chumvi na maji, yaani zinafanya kinyume kabisa cha kazi ambayo BNP inajaribu kuifanya, na zinamalizia hizo figo za 46. Ziondoeni leo, maumivu tumieni parasetamoli. Chumvi hivyohivyo, samaki waliotiwa chumvi wakakaushwa kwa sasa awaache, dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hawana shida, ila wapikwe na chumvi ya kuonja tu.

Msisubiri eko wala majibu yoyote ikiwa anahema akiwa amekaa tu hawezi kumaliza sentensi, au anakohoa povu lenye rangi ya waridi, midomo inabadilika rangi, kifua kinabana, anazimia au anachanganyikiwa maneno. Hapo mnaenda hospitali usiku uleule, akiwa amekaa wima kwenye gari, asilazwe. Na mtu akikuonyesha namba ndogo siku hiyo usirudi nayo nyumbani, maana maji yakijaa ghafla ndani ya saa moja namba inakuwa bado haijapata muda wa kupanda.

Niandikie tena mpigo wa mkono uko vipi, uzito wake, presha, na majina ya dawa zote kwenye ule mfuko, hata za kienyeji. Juu ya kila karatasi ya maabara andika kwa kalamu siku alipopimwa na dawa aliyokuwa anameza siku hiyo, kwa sababu ile 310 naisoma tofauti kama alikuwa hajaanza kidonge chochote na tofauti kama alikuwa ameshameza dawa ya kukojoza wiki mbili.